Barua ya kumwambia mwanafunzi kwamba sura yake inabidi ifumuliwe na kusukwa upya

Swali: Mimi ni mhadhiri, ndio kwanza naanza kusimamia tasnifu za uzamili. Mwanafunzi wangu, mwalimu wa sekondari aliye masomoni na aliyenizidi umri, ameniletea rasimu ya Sura ya Pili, mapitio ya kazi tangulizi. Anachunguza jinsi walimu wa Bayolojia wa kidato cha pili Tanzania wanavyobadili msimbo kati ya Kiingereza na Kiswahili darasani. Malengo yake matatu hayana tatizo: mwalimu hubadili lugha wakati gani, kwa kazi gani, na wanafunzi wanalipokeaje jambo hilo. Lakini sura ina kurasa 41, aya 58, na aya 46 kati ya hizo zinaanza na jina la mwandishi na mwaka. Kusoma amesoma kwelikweli, lugha yake safi, ila hoja haionekani. Amefuata miaka ya machapisho tu. Nimeandika barua mara tatu nikaifuta. Nikiwa mpole naona ataishia kurekebisha koma, nikisema wazi naogopa kumvunja moyo. Niandikeje?

Jibu:

Daktari,

Kabla hujaandika ya nne, funga kwanza lile faili lenye maoni yako ya pembezoni. Kama uliisoma rasimu kwa namna tunayosoma wengi, umeshaweka maoni sitini au themanini: koma hapa, mwaka umekosewa pale, "fafanua", "taja ukurasa". Usimpelekee. Maoni ya pembezoni yana ujumbe wake mbali na maneno yake: yanamwambia mwandishi kwamba sentensi hii inabaki, ila ina kasoro ndogo. Ukimpa barua inayosema sura ifumuliwe, pamoja na faili linalonyoosha sentensi themanini, atalifuata faili. Faili lina kazi ndogondogo anazoweza kuzimaliza moja baada ya nyingine, barua ina kazi moja asiyojua aianzie wapi. Wiki tatu baadaye atakurudishia sura ileile ikiwa safi zaidi, nawe utakuwa huna la kusema, maana ametii kila ulichoandika.

Jambo la pili ni kuwa na hakika kwamba ugonjwa ni mpangilio. Chukua karatasi, andika namba 1 hadi 58, na mbele ya kila namba andika kwa maneno yasiyozidi saba kile ambacho aya hiyo *inadai*, si kile inachokizungumzia. "Gumperz" si dai. "Mwalimu hurudia kwa Kiswahili ili kusisitiza" ni dai. Kazi hiyo itakula saa moja na nusu, na ndiyo itakayokupa barua. Ukimaliza, jaribu kuhamisha aya ya 23 uiweke baada ya ya 40. Kama hakuna kinachovunjika, aya hizo hazikuwa zimeshikana tangu mwanzo, zilikuwa zimepangwa foleni tu. Kisha andika malengo matatu juu ya karatasi na uoanishe kila aya na lengo lake. Zitakazobaki bila lengo ndizo zitakazotoka au kuhamia sura nyingine. Katika mada kama hii, huwa ni historia ndefu ya sera ya lugha, kuanzia Wajerumani hadi leo.

Nimefurahi kusikia malengo hayana tatizo. Yangekuwa na ukungu, ningekuambia uiache barua hii kabisa, kwa sababu mtu asiyejua anauliza nini hawezi kujua achukue nini kwa aliowasoma, na sura ya mapitio inakuwa dalili tu. Hapo mngerudi Sura ya Kwanza.

Sasa tafuta mahali pamoja, pamoja tu, ambapo mpangilio wa sasa umeficha kitu cha thamani ambacho mwanafunzi mwenyewe amekiandika. Hapa ndipo barua inapopata uti wa mgongo. Katika mada ya lugha ya kufundishia Tanzania mfano hauko mbali. Mlama na Matteru, katika kazi iliyotolewa na BAKITA mwaka 1978, na Criper na Dodd, katika ripoti yao ya mwaka 1984, karibu hawakosekani kwenye sura ya namna hii. Ukizisoma kazi hizo mbili bega kwa bega unaona wote waligundua jambo lilelile na wakapendekeza mambo yanayopingana. Ukizisoma kwa kufuata miaka, moja ukurasa huu na nyingine kurasa tano mbele, unaona watu wanne waliowahi kuandika kuhusu lugha shuleni.

Nimekuandikia barua nzima ili uone uzito wa kila kitu ulipo. Namba za kurasa na siku ni za kubuni, weka zako.

---

Mwalimu, salaam.

Nimeisoma Sura ya Pili yote, mara mbili. Inahitaji kupangwa upya yote kabla hatujagusa sentensi zake. Kurekebisha sehemu mojamoja hakutatosha. Nakadiria ni kazi ya wiki tano. Sehemu kubwa ya unachohitaji umeshakisoma na umekieleza kwa usahihi, kwa hiyo sikurudishi maktaba. Kinachokosekana ni mpangilio unaobeba hoja yako.

Tatizo ni hili. Sura inafuata miaka ya machapisho, hivyo kila aya inamweleza mwandishi mmoja kisha inamwacha. Kati ya aya 58, aya 46 zinaanza na jina la mwandishi. Msomaji akifika mwisho anajua nani alisema nini, lakini hajui wewe unasema nini juu ya waliyosema, wala kwa nini utafiti wako unahitajika baada ya wao wote. Mtahini atauliza hilo kabla ya mengine.

Nikupe mfano mmoja. Ukurasa wa 14 unawaeleza Mlama na Matteru (1978), ukurasa wa 19 unawaeleza Criper na Dodd (1984). Umewaeleza vizuri wote. Lakini kwa kuwa wako mbalimbali, jambo lenye uzito limepotea katikati. Nimejaribu kuwaweka pamoja, kwa kutumia yale tu uliyoyaandika wewe:

> Kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakitoshi kusomea masomo mengine, watafiti hawa hawabishani. Mlama na Matteru (1978) waliliona, na Criper na Dodd (1984) wakaliona tena kwa kuwapima wanafunzi. Walipoachana ni kwenye tiba: wa kwanza walitaka Kiswahili kitumike kufundishia, wa pili walitaka Kiingereza kiimarishwe. Hata hivyo pande zote mbili zinauliza lugha ipi itumike. Mwalimu anayetumia zote mbili ndani ya kipindi kimoja, na kazi anayoipa kila moja, si swali lililowashughulisha. Utafiti huu unaanzia hapo.

Ona kwamba aya inaanza na dai, waandishi wanaingia kulithibitisha au kulipinga, na inaishia kwenye utafiti wako. Hivyo ndivyo sura nzima inavyopaswa kwenda.

Napendekeza sehemu nne. Ya kwanza ni mjadala wa lugha ya kufundishia, kurasa tano zisizidi, kama ulivyoona hapo juu. Ya pili inajibu lengo lako la kwanza: tafiti zinasema walimu hubadili lugha katika hatua zipi za kipindi. Ya tatu inajibu lengo la pili, yaani kazi za kubadili msimbo, na humo ndimo nadharia yako inapoingia badala ya kusimama peke yake mwishoni. Ya nne inahusu wanafunzi. Historia ya sera, ambayo sasa ni kurasa 9, itoke hapa. Kurasa 2 zake ziende kwenye usuli wa Sura ya Kwanza. Sura itapungua kufikia kurasa 25 hivi, na hilo si hasara.

Kwa sasa naomba kitu kimoja tu: ukurasa mmoja, ifikapo Jumatatu tarehe 16. Uwe na vichwa vinne, na chini ya kila kichwa sentensi mbili au tatu zinazosema hoja ya sehemu hiyo, bila jina la mwandishi hata mmoja. Usianze kuandika sura mpaka tuwe tumeuzungumza ukurasa huo. Rasimu hii ihifadhi nzima kwa jina lingine, usifute kitu.

Koma, tahajia na marejeleo sijayagusa, kwa makusudi. Yatafuata.

Alhamisi saa nne asubuhi nitakuwa ofisini. Njoo tuzungumze, hata kama hujaandika lolote.

Wako katika kazi,

---

Uamuzi uko kwenye sentensi ya pili. Haujasubiri aya ya tatu, na haujatanguliwa na "hongera sana kwa kazi nzuri". Mwanafunzi anayefungua barua ya msimamizi hasomi, anatafuta: nimefaulu au nimeshindwa? Akikutana na aya nzima ya sifa kwanza, atafanya moja kati ya mawili. Atapumua na kusoma yaliyobaki kama nyongeza, au, kama amezoea mtindo huo, ataziruka sifa zote akijua ni mto wa kupokea kipigo. Vyovyote vile sifa zako zimepotea. Kwenye barua hii sifa imewekwa baada ya uamuzi na imepewa kazi: kumwambia kwamba ameshakisoma anachohitaji ni kumpa kipimo cha kazi iliyobaki. Hilo ni faraja anayoweza kuipanga kwenye kalenda. Lakini liseme tu kama ni kweli. Kama usomaji wake una pengo, liseme pengo hilo hapohapo, na uongeze wiki.

Utaona pia hakuna neno "marekebisho" kuhusu sura yenyewe, isipokuwa pale linapokataliwa. Katika vyuo vyetu neno hilo lina kazi yake rasmi: baada ya utetezi mtu hupewa marekebisho madogo au makubwa, na yote mawili huja kama orodha ya vitu vya kusahihisha. Ukimwandikia "sura inahitaji marekebisho makubwa", kichwani mwake inakuja orodha ndefu. Hiyo ndiyo njia ya koma unayoiogopa. "Boresha", "pitia tena" na "iangalie upya" ni mbaya zaidi, maana mtu anaweza kukutii bila kubadili chochote. Tumia vitenzi vinavyoonyesha mkono unafanya nini: panga upya, hamisha, unganisha, toa.

Adabu ya Kiswahili ina mtego wake. Tumezoea kulainisha agizo kwa "naomba uone kama ingewezekana", na mbele ya mtu mzima tunalainisha mara mbili. Lakini kwa Kiswahili hicho hicho, ombi la namna hiyo linaweza kukataliwa bila kuvunja heshima. Ndiyo maana tunalitumia. Mwanafunzi akiamua haikuwezekana, hajakukosea. Vivyo hivyo maswali: "Je, umefikiria kuwaunganisha hawa?" Atajibu moyoni kwamba amefikiria. Heshima kwa aliyekuzidi umri iweke mahali pengine. Mwite Mwalimu, kwa sababu ndiye, na kwa sababu jina hilo linamkumbusha kwamba anajua jinsi kazi ya mwanafunzi inavyosahihishwa. Mtengee muda wa kukutana. Msomee rasimu yake kwa makini kiasi cha kutaja ukurasa wa 14 na wa 19, maana hakuna heshima inayoonekana kuliko hiyo. Mkikutana koridoni huenda wewe ndiye unayemwamkia shikamoo. Hilo lisikufanye uombe radhi kwenye barua kwa kumsimamia.

Mwenye kosa katika barua ni sura. "Sura inafuata miaka" ni maelezo ya karatasi iliyo mezani. "Hukutafakari ulichosoma" ni hukumu juu ya kichwa cha mtu, na tena si kweli, kwa sababu hujui alitafakari nini; unajua tu hakikufika kwenye karatasi. Ila unapofika kwenye kazi ya kufanywa, usijifiche kwenye kutendwa. "Sura itapangwa upya" haina mtendaji, na kila mmoja wenu anaweza kudhani ni mwenzake.

Kuhusu ile aya ya mfano, iwe moja. Ukimwandikia kurasa tatu atazibandika, na tangu hapo tasnifu ina mikono miwili ndani yake. Utetezini ataulizwa kuhusu hoja ambayo ni yako. Aya moja inatosha kuonyesha mwendo, kwa sharti usiongeze maarifa mapya. Ukiingiza kazi ambayo yeye hakuisoma, atadhani kasoro yake ni uchache wa vitabu, na atarudi maktaba kukuongezea kurasa 15. Kama umetafuta na hukupata hata jozi moja ya kazi zinazozungumza zikikutanishwa, rudi kwenye karatasi yako ya aya 58, kwa sababu huenda tatizo si mpangilio.

Sehemu ya tatu ya mpangilio uijadili naye ana kwa ana, hata kama hakuiuliza, kwani hapo ndipo sura hizi zinapokwama mara ya pili. Bila shaka ana kichwa cha "Kiunzi cha nadharia" mwishoni, na ndani yake ameweka nadharia mbili, Gumperz na Myers-Scotton, kurasa mbili kwa kila mmoja. Jaribio ni rahisi: ukikata sehemu hiyo yote, je, kuna sentensi nyingine kwenye sura itakayokosa mguu? Kama hakuna, nadharia ni pambo. Mwekee mezani tukio moja la darasani. Mwalimu anatoa fasili ya usanisinuru kwa Kiingereza, anairudia kwa Kiswahili, anaendelea na somo kwa Kiingereza, halafu anamgeukia anayesinzia nyuma na kumkaripia kwa Kiswahili. Gumperz (1982) atamsaidia kuyataja yote mawili kwa kazi zake katika mazungumzo: kule ni kurudia ujumbe, huku ni kumlenga msikilizaji mmoja. Myers-Scotton (1993), ambaye alitumia sana data za Kenya, Nairobi ikiwemo, atamwuliza swali jingine: kwa kuchagua lugha hii, mwalimu anadai uhusiano gani na aliye mbele yake, ana haki gani na wajibu gani kwake? Swali hilo lina mengi ya kusema juu ya karipio kuliko juu ya fasili iliyorudiwa.

Akiuona mfano huo, mwulize lengo lake la pili linauliza lipi kati ya maswali hayo. Likiwa ni "kazi gani", Gumperz anatosha kubeba uchambuzi, na Myers-Scotton abaki kama mtafiti mmojawapo anayejadiliwa. Asichukue zote mbili ili awe salama. Sura ya Nne itamdai kuchambua kila dondoo la data mara mbili, na wanafunzi wengi huishia kuitumia moja na kuisahau nyingine. Usimchagulie, lakini asiondoke bila kuchagua.

Ukurasa ule mmoja bila majina ya waandishi ndio kiini cha barua yote. Sharti la kutotaja majina linaonekana la ajabu, na atalilalamikia. Lakini ndilo linalomzuia kurudi alikotoka: mtu aliyezoea kuanza na "Fulani (1993) anasema" akinyimwa Fulani, inabidi aseme yeye. Ukurasa ni mdogo, hauhitaji zaidi ya siku tatu, na kama amekosea ni ukurasa mmoja umekosewa wala si sura nzima. Ndiyo maana pia barua inamkataza kuanza kuandika. Mwanafunzi mwenye hofu ya muda hukimbilia kuandika.

Muda wenyewe uangalie kabla ya kutaja wiki tano. Aliye masomoni kwa ruhusa ya mwajiri ana tarehe ya kurudi kazini, na kwake wiki tano zinaweza kuwa ndizo zote alizonazo. Linganisha na kalenda ya chuo na tarehe ya kuwasilisha. Kama hazitoshi, sema hivyo kwenye barua, na umweleze kipi kitangulie: mpangilio na sehemu ya tatu, kwa sababu Sura ya Nne inazitegemea. Kama ana msimamizi wa pili, mwonyeshe barua kabla ya kuituma, mkubaliane. Hakuna kinachomchanganya mwanafunzi kama kuambiwa na mmoja afumue na mwingine, wiki hiyohiyo, kumrudishia sura ileile ikiwa na maoni mazuri na tiki. Mkuu wa idara usimwekee nakala. Hiyo inageuza ushauri kuwa shauri.

Itume Jumanne asubuhi, ili Alhamisi iwe karibu. Ikitumwa Ijumaa jioni atakaa nayo siku mbili bila mtu wa kumwuliza, na sentensi moja itakuwa imeota pembe kufikia Jumatatu. WhatsApp itumie kumwarifu tu kwamba barua imefika na kumkumbusha miadi. Uamuzi wenyewe usiwe humo, kwa sababu atausoma kwenye daladala, vipande vipande, na hawezi kuurudia kwa utulivu kama waraka. Na asipojibu kwa siku mbili tatu, mpigie simu. Ukimya baada ya barua kama hii mara nyingi si ukaidi, ni mtu anayeona aibu kuja mikono mitupu. Ndiyo kazi ya ile "hata kama hujaandika lolote".

Ukurasa utakaporudi, tegemea kasoro mbili. Ya kwanza, vichwa vitakuwa vya mada visivyodai kitu: "Dhana ya kubadili msimbo", "Mchango wa tafiti za Afrika Mashariki". Mwombe akigeuze kila kimoja kuwa sentensi ambayo mwalimu mwenzake anaweza kuikataa. "Walimu hubadili lugha zaidi wanapofafanua istilahi kuliko wanapouliza maswali" inaweza kukataliwa. Hata ikija kuonekana si kweli, ni mwanzo mzuri. Ya pili ni mbaya zaidi na haitaonekana kwenye ukurasa, itaonekana sura ikirudi: vichwa vipya, ndani yake aya zilezile zimekatwa na kubandikwa. Word inairahisisha mno. Vichwa vikiwa vimewekewa mtindo wa Heading 2, anafungua Navigation Pane, anaburuta sehemu nzima kwa kidole, na baada ya dakika kumi sura ina sura mpya. Ndani bado ni foleni.

Kwa hiyo usingoje sura nzima. Mkishaafikiana juu ya ukurasa, mwambie akuletee sehemu ya kwanza peke yake, zile kurasa tano, ndani ya siku kumi. Hesabu aya zinazoanza na jina la mwandishi. Katika kurasa tano zitakuwa aya nane hadi kumi. Mbili au tatu zikianza na jina si neno, maana wakati mwingine mwandishi mwenyewe ndiye habari. Zikiwa saba, barua ya pili haitasaidia. Mwite, kaeni upande mmoja wa meza na aya moja tu mbele yenu, na kalamu aishike yeye. Mwulize, "Hawa watatu wanakubaliana nini?" Atakachojibu kwa mdomo mwambie akiandike kama kilivyo, kiwe sentensi ya kwanza ya aya hiyo.